Safaricom ilianzishwa mwaka gani? Kisanduku cha Google, Wikipedia na kweli tatu zinazogongana

*"Shikamoo. Nafanya kazi katika ofisi ndogo hapa Arusha, tunaandaa taarifa fupi za kampuni kwa wafanyabiashara wanaotaka kujua wanashughulika na nani. Wiki iliyopita niliandika kuhusu Safaricom. Mwaka wa kuanzishwa nimekuta mitatu: 1993, 1997 na 2000. Mwenye hisa nyingi, mahali pengine ni Vodafone asilimia 40, pengine Vodacom asilimia 35, pengine Serikali ya Kenya asilimia 35. Nikachukua ya kile kisanduku cha pembeni cha Google, maana yalilingana na Wikipedia na tovuti nyingine mbili. Bosi kanirudishia kazi, anasema imejaa makosa. Nitajuaje lililo sahihi? Na naweza kuwaandikia Google wakarekebisha?"*

Marahaba. Nianze na jambo ambalo huenda likakushangaza: miaka yote mitatu uliyoikuta ina ukweli ndani yake, na zile asilimia nazo vilevile. Kosa halikuwa katika namba uliyoichagua. Kosa ni kwamba kila namba ilikuwa jibu la swali lake, na kisanduku kile kimekuletea majibu bila maswali yake. Twende taratibu, tuanze na miaka.

Mwaka 1993 Shirika la Posta na Simu la Kenya, lile la zamani lililoshika barua na simu kwa pamoja, lilianza kutoa huduma ya simu za mkononi za analojia. Wakati huo hakukuwa na kampuni, ilikuwa idara ndani ya shirika. Tarehe 3 Aprili 1997 Safaricom ikasajiliwa kama kampuni binafsi chini ya sheria ya makampuni. Mei 2000 Vodafone ya Uingereza ikaingia kwa asilimia 40 na kukabidhiwa uendeshaji, na Oktoba mwaka huohuo huduma ya kibiashara tunayoijua leo ikaanza. Ndiyo maana sherehe za miaka 20 zilifanyika Oktoba 2020. Basi anayeuliza "huduma ilianza lini" anajibiwa 1993, anayeuliza "kampuni ilizaliwa lini kisheria" anajibiwa 1997, na anayeuliza "Safaricom hii ya Vodafone ilifungua milango lini" anajibiwa 2000. Taarifa ya kampuni anayopewa mfanyabiashara inahitaji ule wa usajili, yaani 1997, lakini uandike wazi kwamba ni mwaka wa usajili.

Katika huohuo mwaka 1997 kuna kosa la kweli ambalo limezunguka sana mtandaoni, na nataka ulione kwa macho yako kwa sababu linafundisha namna ya kunusa. Utakutana na sentensi isemayo kwamba Safaricom iliundwa mwaka 1997 ikiwa kampuni tanzu ya Telkom Kenya. Sasa fungua historia ya Telkom Kenya yenyewe. Ilizaliwa mwaka 1999, pale Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa vipande vitatu: posta kivyake, simu kivyake, na mdhibiti kivyake. Mtoto hawezi kumtangulia mama yake kwa miaka miwili. Kilichotokea ni kwamba Safaricom ilisajiliwa ikiwa chini ya shirika la zamani, kisha hisa zake zikaangukia Telkom Kenya wakati wa mgawanyo. Mtu fulani aliifupisha hadithi, ufupisho ukapendeza, na wengine wakaunakili. Hukuhitaji nyaraka za siri kuligundua hilo. Ilitosha kuweka tarehe mbili sambamba na kuuliza kama zinaweza kukaa nyumba moja. Fanya hivyo kwa kila kampuni unayoiandikia, kabla hata hujatafuta chanzo kingine.

Kwenye umiliki jambo linakuwa tamu zaidi, na ndipo ofisi nyingi zinapoteleza.

Ukifungua taarifa ya mwaka ya Safaricom kwenye ukurasa wa wanahisa wakubwa, kwa miaka mingi utamkuta wa kwanza anaitwa Vodafone Kenya Limited, mwenye asilimia 39.93, ambayo watu huizungusha na kusema 40. Hili ndilo jina lililoandikwa katika daftari la wanahisa. Lakini Vodafone Kenya Limited ni kampuni ya kushikia hisa tu, nayo ina wenyewe. Mwaka 2017 Vodafone ilihamisha sehemu kubwa ya kampuni hiyo kwenda kwa Vodacom Group ya Afrika Kusini, asilimia 87.5, ikabakiza 12.5. Jina mlangoni halikubadilika. Chukua kikokotoo: 39.93 mara 0.875 unapata 34.94. Hiyo ndiyo "Vodacom asilimia 35" uliyoikuta. Na 39.93 mara 0.125 unapata karibu 5, ambayo ni sehemu iliyobaki kwa Vodafone moja kwa moja. Kisha Vodacom Group yenyewe zaidi ya nusu yake ni mali ya Vodafone, kwa hiyo anayesema "Vodafone" hajapotea kabisa, amepanda ngazi moja zaidi. Serikali ya Kenya kupitia Hazina ilikuwa na asilimia 35 zake, na kiasi cha asilimia 25 kikawa kwa wananchi na taasisi tangu mauzo ya hisa ya mwaka 2008.

Hizo ni ngazi tatu: aliyeandikwa daftarini, anayemmiliki aliyeandikwa, na anayemmiliki huyo wa pili. Kisanduku kina nafasi moja tu iliyoandikwa "kampuni mama". Yeyote atakayeijaza nafasi hiyo lazima achague ngazi, na hatakuambia amechagua ipi. Tena kwa asilimia 35 Vodacom haikuwa kampuni mama ya Safaricom kwa maana ya sheria wala ya uhasibu. Katika hesabu zake iliichukulia kama kampuni ambayo ina sauti ndani yake lakini haiitawali. Neno "mama" lililetwa na umbo la kisanduku.

Na mambo hayo hayakusimama. Desemba 2025 ilitangazwa kwamba Serikali ya Kenya itaiuzia Vodacom asilimia 15, na Vodafone itaipatia zile 5 zake, ili Vodacom ifike 55 na serikali ibaki na 20. Tangazo ni siku moja, ruhusa za wadhibiti na Bunge ni siku nyingine, na siku hisa zinapohama kwenye daftari ni ya tatu. Kwenye mtandao siku hizo tatu huchanganywa. Wapo wanaobadilisha namba saa ileile ya tangazo, na wapo watakaoendelea kuonyesha 35 mwaka mzima baada ya hisa kuhama. Kwa hiyo asilimia yoyote utakayoiandika kuhusu umiliki iwe na tarehe mbele yake: "kufikia 31 Machi mwaka fulani". Nimetaja 31 Machi kwa sababu ndiyo siku mwaka wa fedha wa Safaricom unapofungwa, na orodha ya wanahisa katika taarifa ya mwaka huandikwa kufikia siku hiyo.

Sasa kisanduku chenyewe. Watu wengi wanadhani kuna mtu ameketi Google akaandika "ilianzishwa 1997". Hakuna. Mwaka 2010 Google ilinunua kampuni iliyokuwa na hifadhidata ya wazi iitwayo Freebase, na mwaka 2012 ikaanza kuonyesha visanduku hivi pembeni mwa majibu ya utafutaji. Freebase ilifungwa baadaye, na data zake nyingi zikaelekezwa Wikidata, ambayo ni ndugu wa Wikipedia: Wikipedia inahifadhi maelezo, Wikidata inahifadhi vipande vya taarifa. Leo mtambo hukusanya kutoka Wikipedia, Wikidata, tovuti ya kampuni yenyewe, data za soko la hisa zilizonunuliwa, na wasifu wa biashara ambao wenye maduka na ofisi hujaza wenyewe. Kisha huamua, kwa hesabu zake, kwamba vipande hivi vyote vinahusu kitu kimoja, na huvipanga. Angalia vizuri utaona kwamba aya fupi ya juu mara nyingi huandikwa imetoka wapi, kwa kawaida Wikipedia. Mistari ya chini yake, ile ya mwaka, makao makuu, mkuu na kampuni mama, kwa kawaida haina chanzo chochote. Hiyo mistari ndiyo uliyoinakili.

Makosa huingilia katika milango michache, na ukiijua utatambua haraka.

Mlango wa kwanza ni kupunguzwa kwa taarifa njiani. Katika Wikidata, mhariri makini anaweza kuandika kwamba mkuu wa kampuni ni fulani, tangu tarehe hii hadi ile, na kuweka rejeo. Anaweza hata kuweka majina matatu ya vipindi tofauti na kuliwekea la sasa alama ya kupendelewa. Taarifa ile inapofika kwenye kisanduku, tarehe na rejeo hubaki nyuma, linabaki jina. Na kama hakuna aliyeweka tarehe ya mwisho kwa mkuu aliyeondoka, mtambo hauna njia ya kujua kwamba ameondoka. Dalili moja ndogo nzuri: ukiona kampuni imeanzishwa "1 Januari" ya mwaka fulani, shuku. Wikidata huhifadhi mwaka mtupu pasipo siku, lakini programu nyingi zinazosoma data hizo haziwezi kukaa na nafasi tupu, zinaijaza 1 Januari. Msajili wa makampuni hafanyi kazi sikukuu ya mwaka mpya.

Mlango wa pili ni kuchanganya vitu vyenye jina moja. Vodafone, Vodacom Group, Vodacom Tanzania na Vodafone Kenya ni kampuni nne. Equity Group Holdings si Equity Bank ya Kenya, wala si Equity Bank ya hapa Tanzania. Mtambo unaposoma "Equity ina wafanyakazi kadhaa" haujui kila mara ni ya kundi zima au ya benki moja. Hapa kwetu mfano mzuri ni Tigo. Jina la barabarani lilikuwa Tigo, kampuni iliyosajiliwa ilikuwa MIC Tanzania. Mwaka 2022 Millicom ilikamilisha kuiuza kwa kundi la wawekezaji likiongozwa na Axian, kampuni ikachukua jina la Honora Tanzania, na jina la barabarani likaendelea kuwa Tigo hadi Novemba 2024 lilipogeuka kuwa Yas. Jiulize kisanduku cha "Tigo Tanzania" kinapaswa kuonyesha nini: nembo iliyokufa, kampuni iliyobadili jina, au mmiliki aliyeuza? Kwenye mkataba na kwenye ankara, jina lenye nguvu ni la usajili. Nembo ni ya mabango.

Mlango wa tatu ndio uliokunasa wewe, na nakuomba tukae nao kidogo. Ulisema ulitulia moyo kwa kuwa vyanzo vinne vililingana. Vilikuwa vinne kwa hesabu ya vidole, lakini kwa asili huenda vilikuwa kimoja. Wikipedia iliandika, Wikidata ikachukua kutoka Wikipedia, Google ikachukua kwa wote wawili, na tovuti mbili za "wasifu wa kampuni" zikanakili kutoka Google. Mashahidi wanne waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Lililo baya zaidi ni pale duara linapojifunga: mwandishi wa habari anayekimbizana na saa ya kufunga gazeti anachukua mwaka kutoka Wikipedia, gazeti linachapishwa, kisha mhariri wa Wikipedia anayetafuta rejeo analikuta gazeti lile na kuliweka kama ushahidi. Kuanzia hapo kosa lina tanbihi, na linaonekana la heshima kuliko ukweli usio na tanbihi.

Limewahi kunifika. Miaka kadhaa iliyopita niliandika katika ripoti kwamba kampuni moja ya usafirishaji ilikuwa na makao yake katika mji fulani, nikaweka rejeo la gazeti linaloheshimika. Mteja alituma mtu na hakukuta ofisi yoyote. Niliporudi nyuma nikakuta kwamba mji ule uliingizwa katika kamusi elezo na mhariri asiye na jina miezi minane kabla ya makala ya gazeti, bila rejeo, na kabla ya siku ile hakukuwa na andiko lolote duniani lililoutaja mji huo pamoja na kampuni hiyo. Mteja alipoteza safari na siku mbili za kazi. Tangu hapo siulizi tena "wangapi wanasema hivi". Nauliza "nani alisema kwanza, na alijuaje".

Kumtafuta aliyesema kwanza si kazi ngumu kama inavyosikika. Kila ukurasa wa Wikipedia una historia yake, kwa Kiingereza utaona `View history`. Ndani yake kuna kifaa kinaitwa WikiBlame ambacho unakipa neno au namba, nacho kinakuonyesha ni hariri ipi iliyoingiza neno hilo na siku gani. Ukishapata siku, rudi Google na utafute maandiko ya kabla yake tu:

```
"Safaricom" "Telkom Kenya" 1997 before:2008-01-01
site:safaricom.co.ke "annual report" shareholders
```

Mstari wa kwanza unakuonyesha nani alilisema jambo hilo kabla ya tarehe uliyoweka. Badilisha tarehe iwe ile uliyoipata kwenye historia. Tahadhari: tarehe ambazo Google huzipa kurasa za zamani wakati mwingine hukosewa, kwa hiyo fungua ukurasa uone tarehe iliyochapwa. Mstari wa pili unakupeleka moja kwa moja kwenye nyaraka za kampuni yenyewe. Katika Wikidata, angalia rejeo lililo chini ya kila kipande. Ukikuta limeandikwa kwamba kimeletwa kutoka Wikipedia ya Kiingereza, basi hilo si rejeo, ni njia iliyopita. Chukulia kwamba kipande hicho hakina ushahidi.

Usinielewe kwamba Wikipedia haifai. Nimeona watu wakirukia upande wa pili, wakisema "kila mtu anaweza kuandika, kwa hiyo ni takataka", kisha wanakwenda kunakili kutoka tovuti isiyo na historia, isiyo na mjadala, isiyo na tanbihi hata moja. Wikipedia angalau inakuonyesha nani alibadilisha nini na lini. Ifanye iwe ramani ya kukupeleka kwenye tanbihi. Kisha fungua tanbihi yenyewe na usome, kwani si mara moja nimekuta rejeo linazungumzia jambo jingine kabisa. Kiungo kikiwa kimekufa, kibandike kwenye web.archive.org, mara nyingi nakala ipo.

Baada ya kujua nani alisema kwanza, tafuta hati inayolifanya jambo liwe kweli. Nitaeleza tofauti. Gazeti linaposema fulani ameteuliwa kuwa mkuu, linaripoti. Bodi inapotoa taarifa kupitia soko la hisa, hapo ndipo uteuzi unapata tarehe yake rasmi. Chukua mkuu wa Safaricom. Bob Collymore alifariki tarehe 1 Julai 2019. Siku iliyofuata Michael Joseph, ambaye alikuwa ameiongoza kampuni hiyo tangu 2000 hadi 2010, aliteuliwa kukaimu. Oktoba 2019 bodi ikatangaza kwamba Peter Ndegwa atakuwa mkuu kuanzia 1 Aprili 2020. Kati ya Oktoba na mwisho wa Machi, aliyeandika Ndegwa alikuwa amewahi mno, ingawa alikuwa na gazeti mkononi. Taarifa ya bodi ndiyo iliyobeba tarehe zote mbili, ya kutangaza na ya kuanza. Magazeti mengi huweka ya kwanza kwenye kichwa cha habari na kuizika ya pili katika aya ya nne.

Mapato nayo yana mtego wake, na kwa kuwa wafanyabiashara wako watauliza, nikugusie. Ukisoma "mapato ya Safaricom 2024", kwanza huo si mwaka wa kalenda, ni mwaka wa fedha ulioishia 31 Machi 2024, kwa hiyo miezi tisa yake ni ya 2023. Pili, utakuta shilingi za Kenya bilioni 335 na pia bilioni 349, zote kwenye hati moja. Ya kwanza ni mapato ya huduma, ya pili inajumlisha na mapato mengine kama ya kuuza simu. Na zote ni za kundi zima, pamoja na Ethiopia. Kisanduku hukupa mojawapo na hakisemi ipi. Ukiinakili, andika maneno matatu pembeni yake: aina ya mapato, tarehe ya kufunga mwaka, na kama ni kundi au Kenya pekee.

Kwa kampuni iliyoorodheshwa sokoni, hivyo ndivyo kazi inavyomalizika: taarifa ya mwaka kwa wanahisa na mapato, matangazo ya soko kwa mabadiliko ya uongozi, na waraka wa mauzo ya hisa kwa historia ya usajili. Waraka wa aina hiyo napenda kuutumia kwa historia za zamani, kwa sababu wakurugenzi waliousaini walikuwa wanawajibika kisheria kwa yaliyoandikwa ndani yake. Kwa umiliki, panda ngazi: ukishaona Vodafone Kenya Limited kwenye hati ya Safaricom, fungua hati ya Vodacom Group uone wao wanasema wanashikilia nini. Hesabu zikikutana kama zilivyokutana hapo juu, 34.94 huku na 34.94 kule, hapo unaweza kuandika ukalala usingizi.

Kampuni binafsi ni habari nyingine, na wengi wa wateja wako bila shaka wanaulizia hizo. Hakuna taarifa ya mwaka ya wazi, na kisanduku mara nyingi kimejazwa na mwenye biashara mwenyewe. Nenda kwa msajili. Hapa Tanzania ni BRELA kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Unaomba utafutaji rasmi na unalipa ada. Kenya ni ofisi ya usajili wa biashara kupitia eCitizen, na hati unayoitaka inaitwa CR12, inayotaja wakurugenzi na wanahisa. Lakini msajili naye ana mipaka yake, uijue. Yeye huandika alichopelekewa. Mkurugenzi aliyejiuzulu Januari anaweza kuendelea kuonekana Juni kwa sababu tu hakuna aliyewasilisha fomu. Na mwanahisa akiwa ni kampuni ya nje, ngazi ya msajili wetu inaishia hapo. Itabidi ubishe hodi kwa msajili wa nchi ile. Kwa hiyo andika tarehe ya hati uliyoiona, hata kama ni ya jana.

Kuhusu kuwaandikia Google: ndiyo, inawezekana, chini ya kisanduku au kwenye vitone vitatu kuna sehemu ya kutoa maoni, `Feedback`, unachagua mstari uliokosewa na kueleza. Weka kiungo cha hati ya asili, si cha gazeti. Hutajibiwa na mtu kwa kawaida, na marekebisho yanaweza kuchukua muda mrefu au yasije. Mwenye kampuni anaweza kudai kisanduku chake na kuthibitishwa, lakini hata yeye anapata nafasi ya kupendekeza tu, haandiki mwenyewe. Njia inayofanya kazi zaidi ni kurekebisha asili: ukiona Wikidata ina mkuu wa zamani bila tarehe ya mwisho, iweke pamoja na rejeo, nayo huenda ikafika kwenye kisanduku baadaye. Kuna sharti moja ambalo usilivunje. Kama mteja anakulipa kwa ajili ya kampuni unayoihariri, kanuni za matumizi za Wikimedia tangu 2014 zinakutaka utangaze waziwazi kwamba unalipwa, na desturi ya Wikipedia ni kupendekeza badiliko kwenye ukurasa wa majadiliano ili mhariri asiye na maslahi aliangalie. Ofisi zinazoficha hilo hukamatwa, na jina la mteja ndilo linalochafuka.

Upo wakati ambao kuketi kwenye kompyuta hakutoshi. Mteja wako akitaka kutoa mzigo kwa mkopo, kusaini mkataba mrefu, au kununua hisa za kampuni binafsi, mwambie atafute wakili au katibu wa kampuni aliyesajiliwa, aende kwa msajili na kuona jalada, kisha aombe azimio la bodi linaloonyesha nani ana mamlaka ya kusaini. CR12 inakuambia nani ni mkurugenzi, haikuambii kama anaruhusiwa peke yake kuifunga kampuni kwa shilingi milioni mia mbili. Vilevile, ukikuta majina ya wakurugenzi kwenye hati hayalingani na yale uliyotajiwa na kampuni yenyewe, usiwapigie wao kwanza kuuliza. Mpeleke mtu ofisini kwa msajili athibitishe, ndipo mzungumze.

Kwa bosi wako, rudisha ile kazi na aya hii mahali pa ile ya zamani, ukijaza mwaka wa taarifa uliyoifungua kwa macho yako: "Safaricom ilisajiliwa kama kampuni tarehe 3 Aprili 1997, huduma ya kibiashara chini ya ubia na Vodafone ilianza Oktoba 2000. Kufikia 31 Machi ya mwaka wa taarifa iliyorejelewa, wanahisa wakubwa katika daftari walikuwa Vodafone Kenya Limited (39.93%) na Serikali ya Kenya (35%). Wakati huo Vodafone Kenya Limited ilimilikiwa na Vodacom Group kwa 87.5%. Mauzo ya asilimia 15 za serikali kwa Vodacom yalitangazwa Desemba 2025. Hali ya ukamilishaji iliangaliwa tarehe ___." Hiyo nafasi ya mwisho usiijaze kutoka kwenye kisanduku. Fungua ukurasa wa matangazo wa Soko la Hisa la Nairobi, andika tarehe ya siku hiyo, na uhifadhi nakala ya ulichokiona.